Posti ile ile asubuhi unaipitisha, jioni unaiondoa: mstari wa hukumu unavyohama kwenye foleni

Kitengo chetu kinafundisha watu wanaopitia posti za mtandaoni kwenye foleni, wale wanaokaa na skrini shifti nzima wakiamua hii ibaki, hii iondoke. Tukiwauliza nini kinaharibu maamuzi yao, karibu wote wanasema uchovu. Uchovu upo kweli, Norman Mackworth alishauonyesha mwaka 1948 alipowaweka watu waangalie mshale wa saa unaosogea hatua moja kila sekunde na mara chache sana kuruka hatua mbili, wao waseme kila wakiuona umeruka, ikaonekana umakini unaanza kushuka ndani ya nusu saa ya kwanza tu, kwa hiyo mapumziko mafupi ya mara kwa mara ni lazima. Ila kuna kitu kingine kinachompata hata mtu aliyelala vizuri na kupumzika, na hicho ndo nataka tukielewe leo maana hakuna anayekihisi kikimtokea.

Tuchukue mfano wa matangazo ya korosho, huku kwetu kila mtu anayajua. Tuseme sheria ya foleni ni hii: tangazo la kununua korosho ghafi kutoka kwa wakulima nje ya ushirika wa AMCOS na mnada, yaani kangomba, linaondolewa. Korosho iliyobanguliwa ruksa, mama wa Mikindani anayekaanga korosho zake na kuzifunga kwenye pakiti hana kosa lolote. Sasa foleni nyingi hupangwa posti zilizoripotiwa zije kwanza, kwa hiyo asubuhi katika kila posti 10 unaweza kukuta 5 ni kangomba ya waziwazi, mtu anaandika kabisa "nanunua korosho ghafi, keshi mkononi, nakufuata mpaka shambani". Zikiisha hizo zinaingia za kawaida, na kufika saa 9 alasiri katika 10 unapata moja, au hupati kabisa.

Halafu inakuja posti hii: "Nahitaji korosho Tandahimba, mzigo wowote nachukua, njoo inboksi." Haijasema ghafi wala iliyobanguliwa. Asubuhi, katikati ya zile chafu, inaonekana ya kawaida sana, unaipitisha. Alasiri umetoka kuona posti 60 za pakiti za korosho na viwanja na bodaboda, hiyo hiyo sasa ndo mbaya kuliko zote ulizoona kwa saa nzima, kidole kinaenda kwenye ondoa chenyewe. Sheria haijabadilika hata neno moja, kilichobadilika ni mchanganyiko wa vitu vilivyopita mbele ya macho yako.

Hili limepimwa. Mwaka 2018 David Levari, Daniel Gilbert na wenzao walichapisha majaribio ambayo watu walionyeshwa vidoti vya rangi, kimoja kimoja, kuanzia zambarau iliyokolea mpaka buluu iliyokolea, kazi yao ni kusema hiki ni cha buluu au siyo. Mwanzo nusu ya vidoti ni vya buluu, kisha watafiti wakaipunguza mpaka 6% tu, na watu wakaanza kuita buluu vidoti ambavyo mwanzo walivikataa. Walijaribu pia kwa sura za watu, zipi za kutisha, na kwa mapendekezo ya utafiti, yapi hayafai kimaadili, ikawa vile vile. Na naomba hili tulishike: kuwaonya watu mapema haikutosha, na hata kuwalipa ili wawe na msimamo mmoja haikutosha. Kwa hiyo supavaiza anayesimama asubuhi na kusema "jamani leo tuwe makini" hajarekebisha kitu, na mpitiaji akihama mstari tusimuite mzembe.

Sasa utajuaje mstari umehama? Wengi wanapima kwa kulinganisha watu wawili, Mpitiaji A na Mpitiaji B wamekubaliana kiasi gani, wakiona wanakubaliana sana wanaridhika. Hapo panadanganya, maana wote wawili wanakula foleni ile ile, mchanganyiko ule ule unawavuta upande mmoja kwa pamoja na makubaliano yao yanabaki juu siku nzima huku wote wameshahama. Kipimo kinachofaa zaidi ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe. Chukua posti 20 za mpakani, yaani zile ambazo haiko wazi kama zina kosa au hazina, alizoziamua asubuhi, zirudishe alasiri zikiwa zimetawanyika katikati ya nyingine, bila alama yoyote, na ikiwezekana majina na bei zibadilishwe kidogo asizikumbuke, lakini mambo yanayoamua kosa yabaki kama yalivyo.

Kisha usihesabu tu ngapi zimebadilika, angalia zimebadilika kuelekea wapi. Tuseme 6 zimebadilika. Kama 3 zimetoka acha kwenda ondoa na 3 zimetoka ondoa kwenda acha, huko ni kuyumba, mara nyingi ni sheria yenyewe haieleweki au mtu amechoka. Ila kama zote 6, au 5 kati ya hizo, zimetoka acha kwenda ondoa, mstari umehama na amekuwa mkali. Dawa za haya mawili hazifanani, ndo maana jumla peke yake haitoshi, na kwa posti 20 za siku moja usimhukumu mtu, kusanya za wiki ndo uone kama mwelekeo unajirudia.

Dawa ya kwanza ipo kwenye kupanga foleni: changanya zilizoripotiwa na za kawaida kutwa nzima badala ya kumaliza chafu asubuhi. Zile zenye hatari ya haraka kama vitisho kwa mtu hazisubiri, hizo zipewe foleni yake.

Ya pili ni kumfanya mpitiaji ajibu maswali ya sheria kabla ya kuamua. Kwenye ile posti ya Tandahimba: imetaja korosho ghafi? Hapana. Imesema inanunua kwa wakulima? Hapana. Kuna kitu kingine kwenye tangazo, picha labda, inaonyesha magunia ya korosho yenye maganda? Kama ipo, hapo kuna jibu, kama haipo, posti inabaki au inapelekwa juu kwa uamuzi wa pili, basi. Maswali ya ndiyo na hapana hayavutwi kirahisi na jirani zake kama lile swali kubwa la "hii mbaya au siyo". Inapunguza spidi, kweli, kwa hiyo itumike kwa za mpakani tu, zile za waziwazi ziende haraka.

Ya tatu ni posti za rejea, mbili tatu za mpakani zilizoshaamuliwa na timu, zenye sababu iliyoandikwa, zikae pembeni ya skrini muda wote. Zinafanya kazi ya jiwe la kilo ghalani, unapima mzani kwa kitu ambacho uzito wake unajulikana na siyo kwa gunia lililopita sasa hivi. Zibadilishwe sheria inapobadilika, vinginevyo zinakuwa sheria ya zamani iliyofichwa.

Ukigundua mstari ulihama, usiishie kuongea na mpitiaji. Rudi nyuma mpaka kipimo cha mwisho kilichokuwa sawa, toa posti za mpakani tu zilizoondolewa tangu hapo, mpe mtu mwingine azipitie zikiwa zimechanganywa na posti za asubuhi, na zile zilizoondolewa bila kosa zirudishwe siku hiyo hiyo, maana yule anayetafuta korosho zilizobanguliwa Tandahimba anasubiri simu.