Jedwali halichagui mada

Wiki hii nimepokea tena ujumbe ninaoupokea kila msimu wa mapendekezo ya utafiti: "Mwalimu, nimeshapata mada. Jedwali limeichagua, imepata alama 19." Hapana. Jedwali la alama, lile ambamo kila mada hupewa alama kwa vigezo kadhaa kisha zikajumlishwa, halichagui chochote. Linakuonyesha tu umezipangaje fikra zako, na mara nyingi linaonyesha kwamba hukuzipanga vizuri. Anayelichukulia kama hakimu atapoteza miezi kadhaa kwenye mada isiyotekelezeka, na nimechoka kuona wanafunzi wenye akili wakiingia kwenye shimo hilohilo.

Nitautumia mfano mmoja mpaka mwisho: mwanafunzi wa ualimu anayetaka kutafiti usingizi wa wanafunzi wa sekondari.

Kabla ya jedwali huja ramani ya mawazo, mchoro wa kuzalisha mada zenyewe; nitaipitia haraka, maana wengi wanaimudu. Kosa ni moja tu. Watu huandika "usingizi" katikati, kisha huchora matawi ya sababu, athari na suluhisho, na wakimaliza wanakuwa na muhtasari wa insha, si mada. Matawi yawe maswali ambayo kila utafiti lazima uyajibu: nani, nini kinachobadilika, nini kinachoathirika, data itatoka wapi. Mada haipatikani kwenye ncha ya tawi. Inapatikana unapovuta mstari kutoka tawi moja kwenda jingine. "Wanafunzi wa bweni" peke yake si mada, wala "simu kitandani". Ziunganishe kisha uongeze "shajara ya usingizi" kutoka tawi la data, na una kitu cha kutafiti: je, simu inachelewesha kulala kwa kiasi kilekile bwenini, ambako taa huzimwa kwa saa maalumu, kama inavyochelewesha nyumbani? Vuta mistari mingi bila kuhukumu, hata ile inayoonekana ya kipuuzi.

Tuseme baada ya kuchuja zilizojirudia zimebaki tatu. Ya kwanza ni hiyo ya simu, bweni na kutwa. Ya pili ni uhusiano wa saa za kulala na alama za hisabati. Ya tatu ni mabadiliko ya melatonini, homoni inayohusika na usingizi, wakati wa mitihani. Mwanafunzi amezipa kila moja alama 1 hadi 5 kwa vigezo vitano:

| Mada | Data | Muda | Upya | Hamu | Umuhimu | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Simu | 4 | 4 | 3 | 4 | 3 | 18 |
| Hisabati | 5 | 5 | 2 | 3 | 3 | 18 |
| Melatonini | 1 | 3 | 5 | 5 | 5 | 19 |

Melatonini "imeshinda". Sasa itazame ile 1 kwenye safu ya data. Kupima ni saa ngapi homoni hii inaanza kupanda jioni kunahitaji sampuli za mate zinazochukuliwa tena na tena kwa saa kadhaa, mtoto akiwa kwenye mwanga hafifu, kisha zigandishwe na kupelekwa maabara. Mwanafunzi huyu hana maabara, hana fedha, na atahitaji idhini ya wazazi pamoja na kibali cha maadili cha kuchukua sampuli kutoka kwa watoto. Mada haiwezekani. Lakini kujumlisha hakujui neno "haiwezekani". Kujumlisha kunadhani kwamba upungufu wa data unaweza kulipwa na wingi wa hamu, kana kwamba ukiipenda mada sana maabara itajitokeza yenyewe.

Hapa ndipo subira yangu inapoisha, kwa sababu dawa ni nyepesi. Kabla ya kutoa alama yoyote, weka mlango. Uliza maswali ya ndiyo au hapana: je, najua data iko wapi na nani anaweza kuniruhusu kuifikia? Je, kazi inaweza kuisha ndani ya muda nilio nao? Jibu likiwa hapana, mada haiingii kwenye jedwali. Wapo wanaozidisha badala ya kujumlisha ili alama ya chini iwe na uzito. Ukizidisha, simu inapata 576, hisabati 450, melatonini 375, na mpangilio unageuka kabisa. Ni hila nzuri ya kugundua tatizo, ila mlango ni wazi zaidi na ni rahisi kumweleza msimamizi.

Zimebaki mbili, zote na 18. Wengi hapa hurudi kuongeza alama moja mahali fulani hadi ile waliyoipenda tangu mwanzo ishinde. Badala yake, angalia safu zenyewe. Data na muda ni vigezo viwili kweli? Alama za hisabati zimeshahifadhiwa shuleni, ndiyo sababu data ina 5, na kwa sababu hiyohiyo muda una 5. Fadhila moja imehesabiwa mara mbili. Unganisha safu hizo ziwe moja, "utekelezekaji": simu 4, hisabati 5. Jumla mpya ni 14 kwa simu na 13 kwa hisabati. Hakuna alama iliyoguswa kwa upendeleo, ila sare imevunjika. Ukitaka kuzitambua safu za namna hii kwenye jedwali lako, tafuta mbili zinazopanda na kushuka pamoja karibu kila mstari, kisha jiulize kama sababu yake ni moja.

Tofauti ya alama moja bado ni ndogo. Jaribu kuupa utekelezekaji uzito maradufu: zote zinafika 18. Upe upya uzito maradufu: simu 17, hisabati 15. Kwa hiyo swali halisi ni moja: unathamini jambo jipya kuliko njia fupi, au kinyume chake? Hilo ndilo la kuzungumza na msimamizi wako, na ndiyo faida yote ya jedwali.

Kuhusu uzito, mwanasaikolojia Robyn Dawes alionyesha mwaka 1979 kwamba katika kutabiri, kuvipa vigezo uzito sawa mara nyingi hufanya kazi karibu sawa na uzito uliokokotolewa kwa ustadi. Mimi huanza na uzito sawa kwa sababu hiyo, lakini nina shaka nisiyoificha: kwenye utabiri mtu huweza kurudi kuona kama alipatia. Mada usiyoichagua haikuonyeshi ingekufikisha wapi. Na safu ya hamu bado inanisumbua. Nikiiondoa, watu huchagua kazi wanayoitelekeza katikati. Nikiiacha, hupanda na kushuka kulingana na mtu alivyoamka. Kwa sasa naiacha, ila nataka ijazwe mara mbili kwa siku tofauti bila kutazama alama za kwanza. Zikitofautiana kwa zaidi ya 1, safu hiyo isiamue chochote.

Mambo mawili ya utaratibu. Andika maana ya alama kabla ya kuanza: kwa data, 5 ni ruhusa mkononi, 3 ni kwamba unamjua wa kumwomba, 2 ni kwamba unajua data iko wapi lakini hamfahamiani na aliyenayo. Na jaza safu moja kwa mada zote kabla ya kwenda safu nyingine. Ukijaza mada moja mpaka mwisho, uliyoipenda kwenye kigezo cha kwanza itabebwa na upendo huo hadi cha mwisho.

Mwanafunzi wa mfano wetu aende na simu, lakini mstari wa hisabati asiufute. Mkuu wa shule ya bweni akikataa shajara za usingizi, ile 4 ya utekelezekaji inashuka, na hisabati inapanda juu siku hiyohiyo.