Kufuta picha hakutaifanya simu ikubali programu

Wiki hii nimeletewa kifaa cha tatu kilichofomatiwa bure. Maneno ya mwenye kifaa ni yale yale ya wawili waliomtangulia: "Fundi, nimefuta picha zote, nimefuta video, mwisho nikafomati kabisa, na bado Play Store inaniambia haiendani." Picha za miaka minne zimekwenda, na ujumbe uko pale pale kwenye skrini: "Your device isn't compatible with this version". Sitaki kumwona wa nne, ndiyo maana naandika.

"Imejaa, ndiyo maana inakataa"

Hapana. Nafasi ikikosekana, Play Store inasema wazi kwamba nafasi haitoshi, na mara nyingi inakuonyesha programu unazoweza kuondoa ili upate mahali. Huo ni ujumbe mwingine kabisa. Ujumbe wa kutoendana hutoka kabla hata kitufe cha kusakinisha hakijatokea. Hakuna kilichojaribiwa kupakuliwa, kwa hiyo hakuna aliyepima nafasi yako.

Kinachofanyika ni hiki. Play Store ina maelezo ya kifaa chako: toleo la Android, aina ya prosesa, skrini, na orodha ya vitu vilivyomo kama kamera, Bluetooth, NFC na moduli ya laini ya simu. Kwa upande wa pili, kila programu hubeba faili linaloitwa `AndroidManifest.xml`, ambamo aliyeitengeneza ametaja inachohitaji. Duka linalinganisha orodha hizo mbili. Kimoja kilichotajwa kuwa cha lazima kikikosekana, unanyimwa. Nafasi iliyobaki haimo katika ulinganisho huo, na picha zako hazimo.

Kufomati nako hakubadilishi chochote katika orodha hizo. Prosesa ni ile ile. Kifaa kisichokuwa na moduli ya laini hakitaipata kwa kufomatiwa. Hata toleo la Android linabaki lile ulilokuwa nalo dakika moja kabla, kwa sababu kufomati hufuta data zako tu, mfumo hauguswi. Unachopoteza ni picha, mazungumzo ambayo hayakuhifadhiwa pengine, na akaunti ambazo nywila zake umezisahau.

Nieleze kifaa cha mama mmoja aliyekuja Jumanne, kwa sababu kinafundisha. Ni kishikwambi cha Wi-Fi tu, hakina mahali pa laini, na kina Android 12. Alitaka programu ya shule ya mjukuu wake, ile inayoonyesha kazi za nyumbani na matokeo. Kwenye simu yake iliingia bila tatizo. Kwenye kishikwambi ikakataa. Jirani akamwambia kimejaa, akafuta. Mwingine akamwambia afomati, akafomati. Kilipofika mezani kwangu kilikuwa kitupu, na zaidi ya nusu ya hifadhi ilikuwa wazi.

"Mama," nikamuuliza, "kabla ya kufuta, kuna mtu yeyote aliyetazama programu yenyewe inataka nini?"

"Mwanangu, nani wa kunionyesha pa kutazama?"

Alikuwa na haki. Basi tukatazama pamoja. Kwenye ukurasa wa programu, chini ya "About this app", kuna sehemu inayotaja toleo la Android linalohitajika. Hii ilitaka 8.0 au zaidi, na yeye ana 12. Toleo halikuwa tatizo. Tukashuka hadi kwenye ruhusa zinazoombwa, na pale nikaona programu inaomba ruhusa ya kupiga simu moja kwa moja. Nikamwambia afungue programu hiyo kwenye simu yake, na kweli, kuna kitufe cha kumpigia mwalimu.

Hapo ndipo fundo lilipokuwa. Programu ikiomba ruhusa ya `CALL_PHONE`, Play Store inachukulia kwamba inahitaji kifaa chenye moduli ya laini, hata kama aliyeitengeneza hakuandika hivyo popote. Kitufe kimoja kimefungia nje vishikwambi vyote vya Wi-Fi. Kuhakikisha, niliunganisha kishikwambi na kompyuta yenye adb, zana ya Google ya kuiamuru Android kutoka kwenye kompyuta, nikaandika:

```
adb shell pm list features
```

Katika orodha iliyotoka, `android.hardware.telephony` haikuwamo. Sasa tulikuwa na jibu, na jibu halikuhusu picha hata moja.

Tiba yake iko kwa aliyetengeneza programu, na ni mstari mmoja tu:

```
<uses-feature android:name="android.hardware.telephony"
    android:required="false" />
```

Mstari huo unaliambia duka kwamba laini ikiwepo ni vizuri, isipokuwepo programu itaendelea bila kitufe hicho. Njia safi zaidi ni kitufe kufungua tu sehemu ya kupigia simu ikiwa na namba tayari, mtumiaji abonyeze mwenyewe. Hapo ruhusa ya `CALL_PHONE` haihitajiki kabisa. Tuliandika ujumbe mfupi kwa anwani ya watengenezaji iliyo kwenye ukurasa wa programu, tukataja modeli ya kishikwambi, toleo la Android na ruhusa yenyewe. Ukiwaandikia "haifanyi kazi" hawana pa kuanzia. Ukiwaandikia hivi, mtaalamu wao anajua afungue faili gani.

Nawaomba wanaotengeneza programu: kabla ya kutoa toleo jipya, tazameni kwenye Play Console ni vifaa vingapi vimeachwa nje. Mtu aliyefungiwa haoni sababu. Anaona tu kwamba kifaa chake ni kibovu, kisha anaanza kufuta.

"Tafuta APK mtandaoni, ni kitu kile kile"

APK ni faili la kusakinisha programu bila kupitia dukani. Ushauri huu hutolewa kwa ujasiri mkubwa kwa sababu mara nyingine unafanikiwa, na ni vizuri kujua kwa nini. Orodha ya vitu vilivyomo, kama ile moduli ya laini, hukaguliwa na duka tu. Android yenyewe haiikagui wakati wa kusakinisha. Kwa hiyo kwa mama huyu APK ingeingia. Lakini sababu ikiwa ni toleo la Android, haitaingia. Kila toleo la Android lina namba yake ya ndani: programu inayotaka Android 8.0 imeandikwa namba 26 kama kiwango cha chini, na simu yenye Android 7.0 ni 24. Kisakinishi cha simu kinasoma namba hiyo na kukataa, hata faili litoke wapi. Prosesa isipolingana ni vivyo hivyo.

Kuomba faili kwa rafiki aliye nayo nako kumekuwa kugumu. Tangu Agosti 2021 programu mpya hupelekwa Play Store kwa muundo unaoliwezesha duka kuigawa vipande kulingana na kila kifaa. Ukinakili faili kuu tu kutoka simu ya rafiki, unapata kipande kimoja, nacho hukataa kusakinishwa au hufunguka na kuanguka hapo hapo.

Halafu kuna suala la saini, alama ya kidijitali inayoonyesha programu imetoka kwa nani. APK iliyochezewa husainiwa upya na aliyeichezea, na Play Store haiwezi kuweka sasisho halisi juu ya saini tofauti. Unabaki na toleo hilo hilo hadi uliondoe. Kwa programu yoyote inayogusa fedha au nywila zako, usifanye hivyo. Hapa sina mjadala.

"Simu ni mpya, haiwezi kukataa"

Inaweza, na mara nyingine upya ndio sababu. Android 14 inakataa kusakinisha programu zilizolengwa kwa matoleo yaliyotangulia Android 6.0. Pixel 7 ya mwaka 2022 ilikuja bila uwezo wa kuendesha programu za biti 32, muundo wa zamani uliotangulia ule wa biti 64. Programu uliyoizoea ikiwa imetelekezwa na watengenezaji wake, simu mpya ndiyo itakayoikosa.

Kinyume chake kipo pia. Simu nyingi za kumbukumbu ndogo zina prosesa ya biti 64, lakini Android iliyowekwa ndani ni ya biti 32. Maandishi ya kwenye boksi hayatakusaidia hapo. Unganisha simu na kompyuta yenye adb, uandike:

```
adb shell getprop ro.product.cpu.abilist
```

Usipoona `arm64-v8a`, mfumo wako ni wa biti 32, na programu iliyotolewa kwa biti 64 pekee haitakuja kwako.

"Kwenye iPhone ya zamani hakuna njia"

Ipo, na watu wengi wanaikosa. iPhone 6 ilikomea iOS 12, na programu nyingi sasa zinataka zaidi ya hapo. Lakini kama akaunti yako iliwahi kuipata programu hiyo, fungua App Store, bonyeza picha ya akaunti yako, ingia kwenye orodha ya ulizowahi kununua, uipakue kutoka pale. Mara nyingi itakuuliza kama unataka toleo la mwisho linalokubali kifaa chako. Kama hukuwahi kuipata, ichukue kwanza kwenye iPhone mpya zaidi yenye akaunti hiyo hiyo, kisha urudi kwenye ya zamani. Itafanya kazi ikiwa watengenezaji hawakuyaondoa matoleo ya zamani, na ikiwa huduma yao bado inayapokea.

"Ununuzi haukukamilika, basi salio halitoshi"

Huu ni ujumbe tofauti na ule wa kutoendana, ingawa wateja huuchanganya. Salio ni sababu moja tu. Kadi inaweza kuwa haijafunguliwa na benki kwa malipo ya mtandaoni. Au nchi ya akaunti yako ya Google hailingani na nchi ya kadi. Na nchi hiyo unaruhusiwa kuibadilisha mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo usiibadilishe kwa kubahatisha. Tafadhali usibonyeze kulipa mara sita mfululizo, maana benki inaweza kulichukulia hilo kama wizi na kuifunga kadi.

Kwa wenye iPhone, kagua kwanza deni. Malipo ya zamani yaliyoshindwa kukatwa hubaki kwenye akaunti na kuzuia ununuzi mpya, hata kama pesa ipo leo. Ingia `reportaproblem.apple.com`, tazama historia ya ununuzi, na lililoandikwa halijalipwa ulilipe kwanza kabla hujagusa kadi.