Jibu lisilo na Markdown: maana yake ni nini na linapangwaje kwenye meseji

Kuna mzee mmoja alipiga simu kaunta yetu ya mizigo akauliza, "kijana, hizi nyota mbili mbili mlizonitumia nazibonyeza wapi?" Tulikuwa tumemtumia SMS kwamba mzigo wake umefika, na aliyeandika alikopi jibu kutoka kwenye faili la ofisi akapesti lilivyo. Mzee kaona `**Kitambulisho**` akadhani ni kodi kama zile za kutuma hela, nyota halafu namba halafu reli. Na kwa kweli hakukosea kudhani hivyo, kwa miaka yote nyota kwenye simu yake ilikuwa inamaanisha bonyeza.

Sasa hiyo Markdown ni nini. Ni utaratibu wa kuandika ambao John Gruber aliutoa mwaka 2004, unaweka alama za kawaida za kibodi halafu programu inakuja kuzigeuza kuwa muonekano. Ukiweka nyota mbili kila upande neno linakuwa nene, ukiweka reli mwanzo wa mstari unapata kichwa cha habari, mabano ya mraba yakifuatwa na mabano ya kawaida yanakuwa linki ya kubofya. Yani zile alama ni maagizo kwa programu, msomaji hakutakiwa kuziona kabisa. Kama upande wa pili hakuna programu ya kuzigeuza basi maagizo yanamfikia mtu mwenyewe, ndo hayo yaliyomkuta mzee.

Hili lilikuwa jibu letu:

```
## Kuchukua mzigo
**Mzigo wako umefika.** Njoo na:
* **Kitambulisho**
* **Risiti** namba `4471`

| Siku | Saa |
|---|---|
| Jumatatu–Ijumaa | 2 asubuhi–11 jioni |
| Jumamosi | 2 asubuhi–7 mchana |
```

Kwenye kompyuta lilikuwa linapendeza sana. Kwenye kitochi lile jedwali ndo balaa kubwa, kwa sababu kioo ni chembamba, kila mstari unakatika katikati unashukia chini, zile fimbo za kusimama zinajichanganya na maneno na mtu hajui tena saa ipi ni ya siku ipi. Nyota mtu anaweza kuziruka akasoma, jedwali likishavunjika huwezi kulisoma hata ukijitahidi.

Watu wengi wakiambiwa toa Markdown wanachofanya ni kufuta alama tu, na hapo wanaharibu zaidi, maana zile alama zilikuwa zinabeba mpangilio na ukizifuta unabaki na maneno yaliyorundikana. Kinachotakiwa ni ile kazi ya alama ifanywe na maneno yenyewe na mistari. Kichwa cha habari unakibadilisha kuwa sentensi ya kwanza yenye jambo lenyewe. Neno ulilotaka linenepe unalisogeza mwanzo wa mstari, pale jicho linapoangukia. Jedwali la safu mbili unaliandika mstari mmoja kwa kila siku, jina la siku, nukta mbili, halafu saa. Na aya ukimaliza wazo moja unaacha mstari mtupu, sentensi mbili zinatosha, tatu ukizidiwa.

Tukaliandika upya hivi:

```
Mzigo wako umefika, risiti namba 4471.

Njoo na:
1. Kitambulisho
2. Risiti

Jumatatu-Ijumaa: saa 2 asubuhi hadi 11 jioni
Jumamosi: saa 2 asubuhi hadi 7 mchana
```

Hesabu herufi zake, ukijumlisha nafasi na kila ulipobonyeza kushuka mstari unapata 158. SMS moja inabeba 160, kwa hiyo inaenda kama meseji moja.

Hapa kuna kitu nataka tukae nacho kidogo maana kinakula hela za watu bila wao kujua. Zile 160 unazipata ukitumia herufi zilizomo kwenye seti ya kawaida ya SMS tu. Ukiingiza alama hata moja ya nje ya hiyo seti, meseji nzima inahamia kwenye mfumo mwingine ambao unabeba 70 tu, na ikizidi hapo inakatwa vipande vya 67. Kile kidoti kinene cha orodha • hakimo. Kistari kirefu – hakimo. Kwa hiyo kwenye jibu letu hapo juu ukitoa 1 na 2 pamoja na nukta zake ukaweka vidoti ili lipendeze, unapata herufi 156 lakini zinaenda kama meseji tatu, na unalipia tatu. Namba na nukta au kistari kifupi cha kawaida vimo kwenye seti, ndo maana navitumia hivyo.

Na sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu wa peke yetu, ile alama kwenye ng'ombe na ng'ambo. Ukiichapa iliyonyooka haina shida, lakini ukiandikia kwenye programu ya ofisini inaipinda yenyewe ikawa ’ na hiyo iliyopinda haimo, basi ng’ombe mmoja anakutoa kwenye 160 anakupeleka kwenye 70. Dalili yake utaiona kwenye kile kihesabio cha sehemu ya kuandikia, ukiona namba imeshuka ghafla wakati umeongeza alama moja tu, rudi ukague alama ya mwisho uliyoweka.

Namba za orodha nazo ziangalie. Kwenye Markdown unaweza kuandika 1. kila mstari na programu inazipanga yenyewe 1, 2, 3, sasa ukipesti kwenye SMS mtu anapokea 1, 1, 1, na kama ni hatua za kufuata anachanganyikiwa kabisa. Ziandike kwa mkono. Orodha ndani ya orodha achana nayo, zile nafasi za kusogeza ndani kwenye kioo kidogo hazionekani vizuri, bora uanze aya nyingine.

WhatsApp iko katikati, na ndo inayowadanganya wengi. Yenyewe inanenepesha kwa nyota moja kila upande, ukiweka mbili kama za Markdown nyota zinabaki zinaonekana. Orodha ya kistari inaikubali tangu 2024 lakini kichwa cha habari cha reli haikijui, wala jedwali, wala linki ya mabano. Linki iweke nzima kwenye mstari wake peke yake na usiigandishe nukta mwishoni.

Halafu kuna upande wa pili wa yale ya mzee. Ukiandika `*150*00#` sehemu inayosoma Markdown, nyota zinamezwa, inatokea 15000# na 150 imelala kidogo, mteja akipiga hiyo haendi popote. Wanaojua wanaikinga kwa kuandika hivi:

```
\*150\*00#
```

Ni sawa, ila jibu hilohilo likija kupestiwa kwenye SMS ule mkwaju unabaki na mteja anatafuta kitufe ambacho hakipo. Kwa hiyo siku hizi faili letu la majibu liko kwenye maandishi matupu, na jibu jipya kabla halijaanza kutumika linatumwa kwanza kwenye kitochi kilichopo hapo kaunta, mwenzako ambaye hakuliandika analisoma kwa sauti, na pale anapokwama ndo panapoandikwa upya.