Kitenzi Kisichosemwa: Jinsi Msikilizaji Anavyojaza Pengo la Sentensi

Mtu akisema "Mimi nilinunua mchele, na wewe unga," kishazi cha pili hakina kitenzi, lakini hakuna Mswahili atakayeuliza huo unga ulifanywa nini. Wataalamu wa lugha huiita hali hii udondoshaji: msemaji huacha neno ambalo limekwisha kutajwa, na msikilizaji hulirudisha mwenyewe bila kujua kwamba amefanya kazi yoyote. Makala haya yanahusu hasa udondoshaji wa kitenzi, kwa sababu katika Kiswahili kitenzi hubeba mambo mengi kwa wakati mmoja, na kwa hiyo kukiacha ni kuacha zaidi ya neno moja.

Tuichunguze sentensi hiyo kwa karibu. Kitenzi kilichotamkwa ni "nilinunua". Kama msikilizaji angekuwa ananakili tu sauti aliyoisikia, kishazi cha pili kingekuwa "na wewe nilinunua unga", maneno ambayo hayana maana. Anachokisikia akilini ni "ulinunua". Yaani amechukua mzizi wa kitenzi, amechukua wakati uliopita unaoonyeshwa na "-li-", lakini kiambishi cha nafsi amekitengeneza upya ili kipatane na "wewe". Hali ni hiyo hiyo kwa vitu: katika "Kikombe kiliwekwa mezani na sahani kabatini," mahali pa "kiliwekwa" panajazwa "iliwekwa", ingawa umbo hilo halikusikika popote. Kinachorudishwa, basi, ni maana ya tendo, na viambishi vya upatanisho hufuata mtenda mpya aliyetajwa.

Ruhusa hiyo ya kujenga upya ina mipaka. Nafsi na ngeli hubadilika bila taabu, ila wakati haubadiliki kwa urahisi huo. Ukisema "Jana mimi nilinunua mchele, na kesho wewe unga," msikilizaji atakuelewa, lakini atakwama kidogo, kwa kuwa anadaiwa atengeneze "utanunua" kutokana na "nilinunua". Mwandishi makini hukirudisha kitenzi hapo. Ukanushi nao unahitaji neno la kuushikilia. "Juma hakununua mchele, wala Asha unga" ni sentensi iliyonyooka, maana "wala" inausogeza ukanushi hadi kishazi cha pili. Kinyume chake, "Juma hakununua mchele, lakini Asha unga" inayumba, kwa sababu msikilizaji anatakiwa ang'oe ukanushi peke yake, bila kitu chochote kilichosemwa kumwelekeza. Tena, vile vinavyobaki lazima vitofautiane na vya mwanzo. Kama wewe nawe ulinunua mchele, hatusemi "na wewe mchele". Tunasema "na wewe pia", na hapo hata mchele wenyewe umedondoshwa.

Pengo lenyewe huwa katika kishazi cha baadaye. Hatusemi "Mimi mchele, na wewe ulinunua unga." Mwanaisimu Mmarekani John Robert Ross alieleza mwaka 1970 kwamba upande linapotokea pengo unahusiana na mahali kitenzi kinapokaa katika lugha husika. Katika Kijapani, ambacho huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, kitenzi huachwa katika kishazi cha kwanza, na msikilizaji hungoja hadi mwisho ndipo aambiwe watu wote wawili walifanya nini. Kiswahili huweka kitenzi kati ya mtenda na mtendwa, kwa hiyo kwetu kinatajwa kwanza, halafu kinaachwa.

Udondoshaji wa nomino hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa, kwa sababu huko kiambishi hakijengwi upya, bali ndicho ushahidi unaobaki baada ya nomino kuondoka. Anayesema "Wangu umepotea" anaweza kuwa anazungumzia mkoba, mwavuli au ufunguo, lakini hawezi kuwa anazungumzia kitabu. Na pale ambapo hakuna nomino iliyotajwa kabla, ngeli huleta nomino yake ya kawaida. Methali "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" haijataja kitu, ila "cha" inatosha kutuambia ni kitu. Vivyo hivyo "Lisemwalo lipo" inatuleta kwenye neno au jambo. Ushahidi huu hauna nguvu sawa kila mahali: "yangu" peke yake inaweza kuwa ya miti, ya maji au ya nyumba, na mara nyingi msikilizaji husubiri kitenzi kinachofuata, "yamekauka" au "imebomoka", ndipo apunguze uwezekano.

Turudi kwenye kitenzi, ambako udondoshaji huweza kuzua mgogoro wa kweli. Chukua sentensi ya aina inayoonekana sana katika kumbukumbu za mikutano ya vikundi na vyama vya kuweka na kukopa: "Mwenyekiti alimkabidhi mhasibu funguo na katibu mihuri." Mihuri iko kwa nani? Msomaji mmoja atajaza "mwenyekiti alimkabidhi katibu mihuri", na kwa usomaji huo katibu ndiye anayeishika. Mwingine atajaza "katibu alimkabidhi mhasibu mihuri", na sasa mhasibu ana funguo pamoja na mihuri. Kwa kawaida tunalinganisha mtu na mtu, kitu na kitu, na ulinganisho huo ndio unaotuokoa katika mfano wa mchele na unga. Hapa hauokoi, kwa kuwa katibu anafanana na mwenyekiti na mhasibu kwa kiasi kile kile. Wote ni watu na wote wana vyeo.

Mtu anaweza kudhani kwamba kiambishi cha mtendwa kitatatua tatizo. Tuandike "Mwenyekiti aliwakabidhi wahasibu funguo na katibu mihuri." Je, "-wa-" haimkatazi katibu, ambaye ni mmoja, kuwa mpokeaji? Haimkatazi. Kama tulivyoona, msikilizaji ana ruhusa ya kujenga viambishi upya, na ataibadilisha "-wa-" kuwa "-m-" bila kusita. Uhuru ule ule unaotuwezesha kupata "ulinunua" kutoka "nilinunua" ndio unaotunyima ushahidi hapa.

Kugeuza sentensi iwe ya kutendwa huongeza utata mwingine. Katika "Mhasibu alikabidhiwa funguo na katibu mihuri," neno "na" husomwa kwanza kama la kumtaja mtenda, kwamba katibu ndiye aliyetoa funguo. Msomaji anafika kwenye "mihuri", anaikuta haina pa kukaa, analazimika kurudi nyuma na kuanza upya. Dalili ya sentensi mbovu ya aina hii ni hiyo: jicho linarudi.

Katika mazungumzo, msemaji hutumia kituo na mkazo kutenganisha maana hizi, na mara nyingi hufaulu. Katika maandishi, mkato peke yake ni msaada dhaifu, na kuongeza "naye" kunaelekeza tu bila kuhakikisha. Kama mwenyekiti ndiye aliyetoa vyote, Kiswahili kina njia fupi na salama: "Mwenyekiti alimkabidhi mhasibu funguo na kumkabidhi katibu mihuri." Umbo hili la "ku-" linadondosha nafsi na wakati, lakini linabakiza mzizi, na mtenda wake huchukuliwa kuwa yule yule wa mwanzo. Kama katibu ndiye aliyetoa mihuri, mwandishi akiandike kitenzi kizima pamoja na mpokeaji wake: "Mwenyekiti alimkabidhi mhasibu funguo, na katibu alimkabidhi mhasibu huyo huyo mihuri." Sentensi inarefuka kwa maneno manne, na orodha ya nani anashika nini haibishaniwi tena. Kabla ya kumbukumbu kutiwa saini, apewe kuisoma mtu ambaye hakuhudhuria mkutano, aulizwe mihuri iko kwa nani. Aliyekuwepo hafai kwa jaribio hilo, kwa sababu pengo atalijaza kwa alichokiona ukumbini.