Ukinzani mpaka: namba inayoamua kama saketi ya RLC itatikisika au itatulia

Panda daladala ambayo shokapu zake zimechoka, ipite kwenye tuta, halafu hesabu. Bodi inapanda, inashuka, inapanda tena, na mnafika kituo kinachofuata bado abiria mnayumba. Gari lenye shokapu nzima linashuka mara moja na kutulia. Na kama shokapu ni nzito mno, bodi linarudi polepole, kana kwamba limezama kwenye tope. Saketi ya koili, kapasita na kikinza vilivyounganishwa kwa mfululizo ina tabia hizo hizo tatu. Darasani huitwa andadampdi, kritikali dampdi na ovadampdi. Hapa nitasema saketi inayotikisika, iliyo mpakani na iliyozubaa.

Ukiiwashia saketi hiyo volti 5 ghafla, kapasita inaanza kujaa. Inapofika volti 5 ungetarajia mambo yaishe, lakini koili haikubali mkondo wake ukatike papo hapo. Inaendelea kuusukuma, na kapasita inapitiliza hadi volti 6, 7 au zaidi. Kisha mkondo unageuka na kapasita inarudi chini. Mchezo huo wa kurushiana nishati ungeendelea milele kama kusingekuwa na ukinzani, ambao kila mkondo unapopita hula sehemu ya nishati na kuigeuza joto. Kwa hiyo swali zima ni moja: je, ukinzani unakula nishati upesi kiasi cha kuizuia kapasita isipitilize?

Jibu linatoka kwenye namba moja, ambayo mimi huiita ukinzani mpaka:

```
Rm = 2 × √(L/C)
```

Hapo L ni kipimo cha koili kwa henri, na C ni kipimo cha kapasita kwa faradi. Ukinzani wa saketi, yaani R, ukiwa chini ya `Rm`, saketi inatikisika. Ukiwa sawa nayo, iko mpakani, yaani inatulia upesi kadiri inavyowezekana bila kupitiliza. Ukizidi, saketi imezubaa. Vitabu vingi hulinganisha `R/(2L)` na `1/√(LC)`. Ni hesabu ile ile, ila mimi napenda `Rm` kwa sababu inakuja kwa omu, na omu ndizo ninazozishika mkononi.

Tuchukue vifaa ambavyo hutavikosa ukizunguka maduka ya elektroniki ya Kariakoo: koili ya milihenri 10 na kapasita ya nanofaradi 100. Badilisha vipimo kwanza, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia: L ni 0.01 henri, C ni 0.0000001 faradi. Gawanya L kwa C upate 100,000. Kipeuo chake cha pili ni 316, na mara mbili yake ni 632. Basi, mpaka wa pea hii ni omu 632. Ukiweka kikinza cha omu 100 saketi itatikisika, ukiweka cha 1,000 itazubaa.

Angalia pia jinsi C ilivyokaa chini ya mstari. Kwenye mfululizo, kapasita kubwa zaidi inateremsha mpaka, kwa hiyo kikinza kile kile kinaweza kuitoa saketi kwenye kutikisika na kuiingiza kwenye kuzubaa bila wewe kukigusa. Na usiibebe kanuni hii ukaipeleka kwenye saketi ya sambamba. Kule mambo yamegeuka: ukinzani mdogo ndio unaozubaisha, na mpaka wake ni nusu ya `√(L/C)`.

Sasa tuingie kwenye jambo lililonifanya niandike. Ile R ya kwenye kanuni siyo namba iliyoandikwa kwenye kikinza chako. Ni ukinzani wote ambao mkondo unakutana nao katika mzunguko mzima.

Niliunga saketi hiyo kwenye bredibodi, nikaweka kikinza cha omu 100, nikailisha wimbi mraba la volti 0 hadi 5 kutoka jenereta ya ishara, kwa mizunguko 200 kwa sekunde ili kila mruko upate muda wa kutulia. Kwa omu 100 peke yake, hesabu inasema kilele cha kwanza kwenye kapasita kifike volti 8. Kwenye osiloskopu kilikuwa karibu volti 7. Nilishuku kapasita, nikaibadilisha, kilele hakikusogea. Ndipo nilipoichomoa koili na kuipima kwa multimita: waya wake peke yake ulikuwa na omu 30. Jenereta nayo ina omu 50 za ndani, zimeandikwa pale pale kwenye tundu la kutolea ishara. Mia, thelathini na hamsini ni omu 180. Ukiirudia hesabu kwa 180, kilele kinatoka volti 7 hasa.

Katika mfano huo hukumu haikubadilika, kwa kuwa 180 bado ni ndogo sana mbele ya 632. Lakini weka kikinza cha omu 560, thamani ya kawaida dukani. Anayesoma rangi za kikinza tu atasema 560 ni chini ya 632, saketi inatikisika. Ongeza zile omu 80 zilizojificha: 640. Tayari umevuka mpaka.

Na mpaka wenyewe haukai mahali pamoja. Koili hizi mara nyingi zinaruhusiwa kutofautiana na maandishi yake kwa asilimia 10, na kapasita nyingi za kauri kwa asilimia 20. Koili ikizidi na kapasita ikipungua kwa viwango hivyo, mpaka unapanda hadi omu 742. Ikiwa kinyume, unashuka hadi 548. Kwa hiyo jumla yako ikiangukia kati ya 548 na 742, maandishi ya kwenye vifaa hayawezi kukuambia saketi iko upande gani. Pima L na C kwa mita ya LCR, kisha upige hesabu upya kwa thamani ulizopima. Nje ya eneo hilo, amua bila wasiwasi.

Kuna anayeweza kusema tusihesabu, tutazame tu skrini. Jicho lina kikomo chake. Weka kikinza cha kuzungusha cha omu 1,000 badala ya kile cha kudumu, anza kikiwa juu kabisa, na ukishushe taratibu huku ukitazama volti za kapasita. Mwanzoni mstari unapanda kwa uvivu, kisha unachangamka. Unapita mpakani bila dalili yoyote, kwa sababu hata jumla ikiwa 560, kupitiliza ni robo tu ya asilimia moja, kama volti 0.013 kati ya 5, na hiyo inapotea ndani ya unene wa mstari wenyewe. Nundu ya volti 0.1 inajitokeza jumla inapofika kama omu 490, yaani kikinza chako kikiwa kwenye 410 hivi. Anayeandika namba hiyo kwenye ripoti kuwa ndio mpaka amekosea mara mbili: amechelewa kuiona nundu, na amesahau zile omu 80.