Kibanio kwenye uso wa hasira

Chati ya nyuso ya darasa letu la chekechea, ambayo watoto huonyesha wanavyojisikia, ni kipande cha boksi kilichoning'inizwa kwa kamba, usawa wa macho ya mtoto. Ina nyuso nne: furaha, huzuni, hasira na woga. Tulianza na mbili, nyingine nikaziongeza moja moja. Ukimpa mtoto wa miaka 4 nyuso ishirini za rangi, atachagua rangi anayoipenda. Zangu nimezichora kwa kalamu nyeusi, na kazi kubwa iko kwenye nyusi: za hasira zinashuka katikati, za woga zinapanda.

Asubuhi kila mtoto anachukua kibanio chake cha nguo chenye alama yake, samaki au jembe au jua, maana majina bado hawayasomi, anabana chini ya uso wake wa leo. Kisha tunakaa duara kwenye jamvi, watoto 12 hivi, dakika 10. Asiyetaka kusema anapitisha zamu.

Naanza mimi. Zamani kila siku nilibana kwenye furaha, na darasa zima likanifuata. Walidhani ndilo jibu sahihi. Siku niliyosema, "Leo mwalimu ana woga, mtoto wake ana homa, moyo unakwenda mbio," vibanio vikaanza kutawanyika.

Swali la "kwa nini" nimeliacha. Mtoto wa umri huu akiulizwa hivyo hunyamaza, au hurudia alichosema jirani yake. Nauliza: "Unaisikia wapi mwilini?"

Kuna mvulana wa miaka 5 aliyebana kwenye hasira wiki nzima, na kweli alikuwa akisukuma wenzake.

"Baba, hiyo hasira iko wapi?"

Akashika tumbo. "Hapa. Linabana."

Wengi wenye hasira hunionyesha ngumi au kifua, kwa hiyo nikamwomba atuonyeshe uso wake wenyewe. Nyusi zikapanda. Nikamwambia aende akaziangalie nyuso zote tena, bila kumtajia hata moja. Akasimama pale muda mrefu, halafu akahamishia kibanio kwenye woga.

Sikumchimba mbele ya wenzake. Duara si mahali pa kumtoa mtoto siri, na likitoka jambo zito, la kupigwa au kuguswa vibaya, nalisikiliza pembeni na kulifikisha kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Wakati wa uji nilikaa naye nje. Alikuwa anaogopa kutumbukia kwenye shimo la choo, hivyo alijibana tangu asubuhi hadi anarudi nyumbani, na aliyemgusa tu alisukumwa.

Tuliweka kibao chenye tundu dogo juu ya shimo, na kwa siku kadhaa nikawa nasimama mlangoni namwimbia. Kusukumana kukapungua. Juzi kibanio chake kilikuwa kwenye huzuni. Mbuzi wao ameuzwa, alisema, na anaisikia kooni.