Sabuni ya mia tano: dhana potofu na ukweli kuhusu anachotaka mteja

Dhana: Anachotaka mteja kimeandikwa kwenye brifu.

Jumatatu, binti wa fildi kwenye kampuni ya matangazo alikabidhiwa brifu, yaani maelekezo ya kazi kutoka kwa mteja, ya sabuni ya unga. Ukurasa mmoja: mteja anataka tangazo la redio la sekunde 30, lichekeshe, watu walizungumzie mtaani. Kufikia jioni alikuwa na vichekesho vya kujaza daftari. Kopiraita mkuu, yaani mwandishi wa matangazo anayemsimamia, hakuvisoma. Alimuuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, kwa nini wanataka tangazo mwezi huu na si mwezi uliopita?"

Brifu haikusema.

Ukweli ni kwamba mteja huandika dawa anayoidhania, ugonjwa akauacha nyumbani. Hafichi. Aliyeandika brifu ni meneja wa bidhaa mwenye bosi wake, naye ameulizwa kikaoni kwa nini mauzo yameshuka. Tangazo ndilo jibu lililomjia haraka. Meneja huyo alipopigiwa simu kesho yake alikiri bila kusukumwa: pakiti kubwa zinatoka vizuri, ila zile ndogo za shilingi 500 zimelala ghalani.

Dhana: Ubunifu unafanyika mezani.

Jumatano binti akatumwa Manzese, akakae kwenye maduka ya rejareja bila kuuliza mtu chochote. Kwenye benchi la duka la tatu akaona jambo lenyewe. Mtoto wa kama miaka minane alikuja na hela mkononi.

"Shikamoo Mangi. Mama kasema sabuni ya mia tano."

"Marahaba." Mangi akanyoosha mkono kwenye mnyororo wa pakiti ulioning'inia mlangoni, akachana moja, akampa. Ya mpinzani. Sabuni ya mteja ilikuwepo, nyuma, chini ya rafu ya viberiti. Mtoto mwingine alitaka "ile ya bluu". Pakiti zote mbili ni za bluu. Akapewa ya mlangoni.

Kwa hiyo anayechagua sabuni ya nyumba ile si mama wala mtoto. Ni Mangi. Na kwa nini achague ya mpinzani? Hapo binti alivunja agizo, akauliza. Katoni ya mpinzani inakuja na pakiti mbili za nyongeza, na hizo ni faida tupu ya dukani.

Dhana: Tangazo linalopendwa ndilo linalouza.

Hii ndiyo inayowapoteza wengi, na si wa fildi peke yao. Alhamisi kopiraita alichukua kichekesho bora kabisa kati ya vile vya Jumatatu, wakakirekodi kwa simu, wakamsikilizisha mlinzi, mama ntilie na dereva wa ofisi, kila mmoja mara moja tu. Wote walicheka. Baada ya chakula cha mchana wakaulizwa lilikuwa tangazo la nini. Mlinzi alisimulia kichekesho chote, na sauti zake. Sabuni hakuitaja. Dereva alitaja ya mpinzani!

Sekunde 30 za redio zinabeba maneno kama 60 ya Kiswahili, ukisoma bila kukimbia. Kichekesho kilikuwa kimekula karibu yote, jina likabanwa mwishoni. Wakaandika upya: mama anamtuma mtoto dukani, mtoto anarudia jina la sabuni njiani asilisahau, anaruka dimbwi, analikosea, analirekebisha, anamfikia Mangi. Kinachekesha bado, lakini ukiliondoa jina hakuna hadithi. Hicho ndicho kipimo chao: kama kichekesho kinasimama bila bidhaa, kimeandikiwa yeyote.

Kuna kikomo hapa ambacho kampuni za matangazo hazipendi kukisema, maana zinalipwa kwa matangazo. Redio inaweza kumfanya mtoto ataje jina. Haiwezi kumfanya Mangi aitoe pakiti chini ya viberiti. Kazi hiyo ni ya nyongeza kwenye katoni na mnyororo wa kuning'iniza mlangoni, kwa hiyo walipendekeza sehemu ya fedha za kurusha tangazo hewani ihamie huko.

Dhana: Mteja anayesema "kuzeni nembo" hana jicho.

Ijumaa mteja alisema hivyohivyo kuhusu bango la dukani, na wasanifu wakatazamana. Lakini mtu ambaye bidhaa yake inaitwa "ile ya bluu" ana sababu ya kulalamika. Nembo ilibaki saizi ileile. Kilichobadilika ni pakiti kwenye picha: ilisogezwa mbele, na rangi ya bango ikatolewa kwenye bluu.

Tangazo la redio alilisikiliza mara moja, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia binti, ambaye hakutarajia kuzungumza kikao kizima.

"Umesema mpinzani anatoa nyongeza ngapi kwa katoni?"

"Mbili, kaka."

Akatoa kalamu, akaandika. Kwenye kikao chote, hicho ndicho kitu pekee alichokiandika.